Mbona 'restaurateur' haina 'n'? Kosa la herufi moja lililonila elfu mbili

Hebu fanya hivi kabla hujaendelea kusoma. Andika kwa Kiingereza jina la mtu anayemiliki mkahawa. Usichungulie simu. Umeandika?

Kama umeandika "restauranteur", karibu chamani. Mimi ndimi mwenyekiti.

Mwaka jana nilipata kazi ndogo ya kumwandikia mama mmoja mwenye mkahawa wasifu wake pamoja na maneno ya kadi za biashara. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hizi kazi za kuandika ndizo zinanilipia kodi ya nyumba. Nikamwandikia "Founder and Restauranteur". Nikaona nimeua. Tukachapisha kadi 200, shilingi kumi kila moja. Kadi ya kwanza kabisa alimpa mteja mmoja mzee, naye akaitazama, akatabasamu, akatoa kalamu mfukoni na kukata herufi moja: ile n. Jioni mama akanipigia. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliniambia tu, "Mwanangu, kumbe hata jina la kazi yangu hulijui?" Kadi mpya nililipia mimi.

Sasa swali likabaki kunikera. Ikiwa mkahawa ni restaurant, na n iko hapo wazi, mbona mwenye mkahawa anapokonywa n yake?

Jibu linaanzia kwenye supu. Zamani huko Ufaransa, neno restaurant halikuwa jina la mahali. Lilikuwa jina la mchuzi mzito wa nyama uliochemshwa kwa muda mrefu, wa kumpa nguvu mgonjwa au mtu aliyechoka. Yaani ile kazi supu ya mifupa inakufanyia Jumapili asubuhi baada ya Jumamosi mbaya. Kwenye miaka ya 1760, mjini Paris, kukaanza kufunguliwa nyumba za kuuza mchuzi huo. Polepole jina la mchuzi likahamia kwa nyumba yenyewe. Usishangae, maana hata sisi tulifanya hivyo hivyo. Mkahawa umebeba jina la kahawa, lakini siku hizi unaingia humo na kuagiza chapati maharagwe bila mtu kukuuliza kahawa iko wapi.

Mchuzi uliitwa hivyo kwa sababu ya kitenzi restaurer, maana yake kurejesha katika hali nzuri. Wafaransa wakitaka kusema kitu "kinachofanya" jambo fulani, wanaongeza -ant mwishoni mwa kitenzi. Kwa hivyo restaurant ni "kinachorejesha", au kwa Kiswahili cha vitabuni, "kirejeshacho".

Lakini wakitaka jina la mtu anayefanya kazi hiyo, hawaanzi na restaurant. Wanarudi kwa kitenzi, au kwa Kilatini kilichokizaa, ambako mtu huyo aliitwa restaurator. Mwisho huo -ator ukifika Kifaransa unakuwa -ateur. Hapo ndipo tunapata restaurateur, yaani "mrejeshaji". Ni njia ile ile iliyotupa administrator kwa Kiingereza, na hujawahi kuona mtu akiandika "administrantor".

Umeona sasa n ilikoenda? Haikuanguka njiani. Haikuwahi kuwepo. Ile nt ya restaurant inafanya kazi ya "-cho" katika "kirejeshacho", na "restaurateur" ni "mrejeshaji". Ukiandika "restauranteur", ni kama umeandika "mrejeshachoji". Umebandika mwisho wa mtu juu ya mwisho wa kitu.

Kiswahili kimekufundisha haya tangu utotoni, ni vile hukujua. Anayepika anaitwa mpishi, na anachofanya ni mapishi. Hakuna aliyewahi kumwita "mmapishi". Maneno yote mawili yametoka kwa pika, kila moja likashika njia yake. Ni ndugu, si mzazi na mtoto.

Nisikudanganye lakini. Kamusi ya Merriam-Webster inaorodhesha restauranteur kama tahajia nyingine ya neno hilo, kwa sababu watu wengi wameiandika hivyo kwa muda mrefu. Kwa hivyo ukibishana na mtu mtandaoni anaweza kukuonyesha. Shida ni kwamba wahariri wengi na wateja wa aina ya yule mzee bado wanaihesabu kuwa kosa, na kwenye kadi ya biashara hauna nafasi ya kujitetea.

Hii hesabu ya kurudi kwa kitenzi inafungua maneno mengine pia. Chukua entrepreneur, ambalo kila msee mwenye biashara ameliweka chini ya jina lake. Makosa ni mawili. Kuna wanaoandika "enterpreneur", kwa sababu wanasikia enter ya Kiingereza, na kuna wanaomalizia na "nuer". Kitenzi chake ni entreprendre, kuchukua jukumu la kazi fulani. Mwanzo wake ni entre, r kabla ya e. Mwisho wake ni ule ule wa mtu afanyaye kazi, -eur, kama wa restaurateur na chauffeur. Ukikumbuka mmoja, umekumbuka wote.

Hesabu hii ina mipaka yake. Questionnaire ina n mbili na millionaire ina moja, ilhali yote yametoka Kifaransa. Huko kwao yote mawili yana n mbili. Kwa Kiingereza milionea anatembea na n moja. Hapo asili haikusaidii, itabidi ukariri tu.

Na usidhani hili ni tatizo la Kiingereza peke yake. Bango la tamasha la mtaani kwetu liliwahi kuandikwa "Tunawashukuru wathamini wetu". Waliotoa pesa walikuwa wadhamini. Maneno haya mawili tuliyakopa kwa Waarabu, na kwa Kiarabu yanaanza na herufi tofauti kabisa. Moja lilitupa thamani, bei au ubora wa kitu. Lingine likatupa dhamana, ile unayowekewa kortini ili utoke. Uliza kitenzi tena: huyu mtu anafanya nini? Kama anathamini, anakadiria kitu ni cha bei gani, basi ni mthamini, kama yule anayekuja kupima shamba kabla benki haijatoa mkopo. Kama anadhamini, anasimama nyuma yako na kubeba gharama, basi ni mdhamini. Lile bango lilikuwa linawashukuru watu wa kupima mashamba.

Kwa hivyo siku hizi, kabla sijatuma kazi yoyote yenye neno la kukopa linalotaja mtu, nauliza kwanza: kitenzi chake ni kipi? Nikikipata, naanzia hapo. Nisipokipata, nafungua kamusi. Inachukua dakika moja, na dakika moja ni rahisi kuliko kadi 200.

Yule mama bado ni mteja wangu. Kadi za zamani hakuzitupa. Anaandikia oda za wateja nyuma yake, na kila nikienda kula pale ananiletea bili yangu kwenye mojawapo.