Kuhariri Utangulizi wa Tasnifu: Kutoka Mada hadi Tatizo la Utafiti

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi aya moja ya utangulizi wa tasnifu inavyoweza kuhaririwa hadi tatizo la utafiti likajitokeza. Aya ifuatayo tumeiunda kwa mfano wa rasimu ambazo wasimamizi huzipokea mara kwa mara:

"Kiswahili ni lugha muhimu sana inayozungumzwa na watu wengi duniani. Tangu zamani wataalamu wengi wameichunguza sarufi yake kwa namna mbalimbali. Hata hivyo, suala la kiambishi cha yambwa halijashughulikiwa kikamilifu, na hali hii imeleta utata mkubwa kwa walimu na wanafunzi. Utafiti huu utachunguza matumizi ya kiambishi hicho ili kuziba pengo hilo."

Sentensi ya kwanza ni ya kweli, lakini haifai. Ingeweza kuwekwa katika tasnifu ya methali, ya fonolojia au ya tafsiri bila kubadilishwa hata neno moja. Kwa hiyo haisemi lolote kuhusu utafiti huu, na hapana budi iondolewe. Ya pili ina kosa jingine: "wataalamu wengi" hawana majina. Mhariri aulize ni nani, mwaka gani, na walisema nini. Swali hilo likijibiwa kwa makini, aghalabu sentensi ya tatu huporomoka yenyewe. Ashton (1944), kwa mfano, alikihusisha kiambishi cha yambwa na umahsusi wa yambwa. Seidl na Dimitriadis (1997) waliupeleka mjadala kwenye dhima yake katika usemi. Suala lenye historia hiyo haliwezi kuitwa pengo. Aidha, kauli kwamba jambo "halijashughulikiwa kikamilifu" haiwezi kukanushwa, kwani hakuna jambo katika isimu lililokwisha kushughulikiwa kikamilifu. Kuhusu "utata mkubwa kwa walimu", mtafiti ama awe na data za darasani, ama aifute kauli hiyo. Kuibakiza huku tasnifu nzima ikiwa ya sintaksia ni kumwahidi mtahini sura ambayo hataiona.

Baada ya ufutaji huo hubaki sentensi ya mwisho, nayo hutaja mada tu. Mada ni eneo. Tatizo hutokea pale mambo mawili tunayoyajua yanapokataa kupatana. Hapa yapo. Maelezo ya umahsusi yanafaa kwa jozi kama *Nimesoma kitabu* na *Nimekisoma kitabu*. Lakini *Nimesoma kitabu hiki* inakubalika, ingawa kionyeshi kimekwisha kuifanya yambwa kuwa mahsusi. Na *Sijakiona kitabu chochote* inakubalika pia, ingawa hakuna kitabu mahsusi kinachozungumziwa. Mwanafunzi anayeziweka sentensi hizi mbili mbele ya msomaji hahitaji tena kumwambia kwamba kuna utata.

Tunapendekeza aya isomeke hivi:

"Tangu Ashton (1944), kiambishi cha yambwa isiyo na uhai kimehusishwa na umahsusi. Maelezo hayo hayatoshi kufafanua *Nimesoma kitabu hiki*, ambamo yambwa mahsusi haina kiambishi, wala *Sijakiona kitabu chochote*, ambamo yambwa isiyo mahsusi inacho. Maelezo ya kiusemi (Seidl na Dimitriadis 1997) yanafungua njia nyingine. Utafiti huu unauliza: katika masimulizi ya mdomo ya wasemaji wa Mji Mkongwe, Unguja, je, kutajwa kwa yambwa hapo awali kunatosha kutabiri kutokea kwa kiambishi, na kama hakutoshi, ni mazingira gani yanayokizuia?"

Aya hii ni ndefu kuliko ile ya awali, na ufupi haukuwa lengo. Tofauti ni kwamba sasa mtafiti anaweza kushindwa. Iwapo yambwa nyingi zilizokwisha kutajwa zitaonekana bila kiambishi, jibu la sehemu ya kwanza litakuwa "hapana", na msomaji atajua ni kwa nini. Vilevile upeo umewekwa: viumbe wenye uhai wameachwa nje, kwa sababu *Nimemwona Juma* ina kanuni zake.

Tahadhari moja inafaa kutolewa. Wapo wanaodhani kwamba kuondoa ukungu ni kuondoa kila neno la tahadhari, hata "huenda" na "aghalabu". Sivyo. "Huenda" iliyoambatana na ushahidi hafifu ni ukweli. "Utata mkubwa" usio na ushahidi wowote ndio ukungu. Vilevile, pale mtafiti anapobadilisha "watu wengi" kwa idadi asiyoweza kuonyesha alikoipata, ameongeza kosa.

Hatimaye, uhariri huu ufanywe mara mbili: kabla ya kukusanya data, na tena baada ya uchambuzi. Katika mara ya pili, kila swali la utangulizi lilinganishwe na sura inayolijibu. Swali lisilo na sura liondolewe, na sura isiyo na swali ichunguzwe, kwani mara nyingine huko ndiko tatizo halisi la tasnifu lilikojificha.