Wingi wa Waliohojiwa Si Hoja

Kila uchaguzi ukikaribia, waandishi wa redio za Kindu huniletea swali lile lile: "Waliohojiwa ni wangapi?" Wakisikia 1,000, wanacheka. Wakisikia 20,000 waliojibu kwenye makundi ya WhatsApp, wanakimbilia studio. Jamani, swali hilo si la kwanza. Ulizeni kwanza walipatikanaje.

Mwaka 1936, gazeti la Marekani Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Kadi zilikuwa zimetumwa zaidi kwa watu walioorodheshwa kuwa na simu au gari, na miaka ile ya dhiki, hao walikuwa wenye nafuu. Tena walijibu waliotaka wenyewe. George Gallup alihoji wachache zaidi, lakini wa kila tabaka, akamtaja mshindi sawasawa.

Hapa kwetu, anayekusanya majibu ya wenye simu za intaneti katika Kasuku hajamfikia mama wa Alunguli ng'ambo ya mto, mchimbaji wa Punia wala mkulima wa Kabambare. Akiongeza wengine 20,000 wa aina ile ile, kosa linabaki palepale. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima wanatoa jibu linaloweza kupotoka kwa asilimia 3 hivi, juu au chini. Lakini majimbo yetu ni 26. Maniema ikipata watu 40 katika hao 1,000, upotovu wake unafika asilimia 15. Halafu mtu anatangaza nani "anaongoza Maniema"!

Tarehe nayo msiifiche. Oktoba 2018, uchunguzi wa GEC na BERCI ulimpa Martin Fayulu asilimia 8; Desemba ukampa 47. Katikati yake, Novemba, viongozi wa upinzani walikutana Geneva wakamteua kuwa mgombea wao wa pamoja. Anayesoma namba ya Oktoba hewani mwezi wa Desemba anapotosha, hata kama namba yenyewe ni ya kweli.

Yaliyobaki ni mepesi. Someni swali neno kwa neno: "Ungempigia nani kura leo?" si sawa na "Je, utamchagua aliyetengeneza barabara?" Tajeni ni nani aliyelipa, na kama ana mgombea wake; kule Kenya, sheria ya mwaka 2012 inadai mdhamini atajwe. Semeni ni wangapi walikataa kujibu au hawajaamua. Tofauti ya wagombea wawili ikiwa ndogo kuliko upotovu, semeni wanakaribiana, msimtaje kiongozi. Mleta matokeo akikataa kutoa haya, msiyasome hewani.