Ruteri ya nyumbani inapoleta onyo: kuendelea ao kufunga?

Katika kartie nyingi za Kolwezi na Likasi, ruteri moja inahudumia parsele nzima. Baba iko ku mugodi posti ya usiku, mama anaona mega zinaisha mbio, anataka kubadilisha neno la siri la wifi juu majirani wote wanalijua. Anaandika 192.168.1.1 ku telefoni, na mara anaona pembetatu nyekundu na maneno haya:

```
Votre connexion n'est pas privée
NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID
```

Wengi wanafunga kwa woga. Wengine wanaendelea bila kuangalia. Sisi tunasema: kwanza ujue onyo hilo linasema nini.

Ku baryera ya mugodi, sentineri anakuachia kupita sababu baji yako imetolewa na biro anayoijua. Ukileta baji uliyojitengenezea nyumbani, atakusimamisha, hata kama jina lililoandikwa ni lako kweli. Cheti cha ruteri ni baji ya namna ile: ruteri yenyewe imejiandikia. Na haina njia ingine, kwani 192.168.1.1 ni anwani ya ndani inayotumiwa na nyumba nyingi sana duniani. Biro zinazotoa vyeti vya intaneti haziwezi kuhakikisha ni ya nani, kwa hiyo haziitolei cheti.

Basi Chrome haisemi kama kuko mwizi. Inasema: «Huyu simujui.» Maneno utakayotuma yatafichwa, lakini hakuna aliyethibitisha ni nani anayeyapokea. Kazi ya kuthibitisha inabaki kwako.

Mama wetu afanye hivi. Kwanza aangalie etiketi iliyo chini ya ruteri, asome anwani, aiandike kwa mkono wake. Asifuate linki aliyotumiwa na mtu. Kisha afungue ku telefoni habari za wifi ile, atafute mstari *Passerelle*. Ku ordinatere ya Windows, amri ni hii:

```
ipconfig
```

Namba iliyo mbele ya *Passerelle par défaut* inapaswa kuwa ile ile ya etiketi. Kama hazifanani, asimame kwanza, aulize fundi aliyeweka ruteri.

Halafu azime mega za telefoni, achomoe kable inayoleta intaneti kutoka inje, ila ruteri ibaki inawaka. Ajaribu tena. Kama ukurasa unafunguka bado, njo kusema unatoka ndani ya nyumba, hautoki mbali.

Kunabaki hatari moja: mtu wa karibu aliyefungua wifi ya bandia yenye jina sawa na yako. Kwa hiyo, kama kuko ordinatere, ni vizuri kuiunga na ruteri kwa kable, ku tundu lililoandikwa LAN. Na juu majirani wanajua neno la siri, aombe watoke kwanza ku wifi, kwani mjuzi aliye tayari ndani anaweza kujiweka katikati.

Yote ikiwa sawa, anaweza kuendelea. Ku Chrome anabonyeza *Paramètres avancés*, kisha *Continuer vers le site*. Ku Firefox ni *Avancé*, kisha *Accepter le risque et poursuivre*. Akiisha kuingia, abadilishe maneno ya siri mawili: lile la wifi, na lile la kuingilia ku ruteri yenyewe. Hili la pili njo wengi wanaacha vile lilivyotoka dukani. Mwenye kulipata anaweza kuelekeza ruteri yako vibaya, hata uandike anwani ya kweli ya banki, ikupeleke ku ukurasa wa uongo.

Kuko wanaoandika *http* badala ya *https* ili onyo lipotee. Linapotea kweli, lakini neno lako la siri linapita wazi. Kunyamaza kwa onyo si usalama.

Firefox ya ordinatere inakumbuka cheti ulichokubali. Ikikuonya tena siku ingine, na ruteri haikurudishwa upya wala kubadilishiwa programu, usiandike neno la siri, chunguza tena.

Na ruhusa hii ni ya ruteri yako tu. Onyo lile lile likitokea ku ukurasa wa banki, wa kutuma feza, ao wa mshahara, funga. Banki iko na baji ya biro inayojulikana. Ikikosekana, angalia kwanza kama tarehe ya telefoni ni sawa. Kama ni sawa na onyo liko bado, usiendelee. Vilevile ku wifi ya hoteli ao ya kantini, hata kama namba inaanza na 192.168: ruteri ile si yako, huna kazi nayo.