Paka Mwenye Kinywa Chekundu: Kwa Nini Daktari Hung'oa Hata Meno Mazima

Paka anasikia harufu ya dagaa, anakimbilia sahani, anatia kipande kimoja mdomoni, kisha analia, anajikwangua shavu kwa mguu na kuondoka. Njaa anayo, lakini maumivu yanamshinda. Baada ya muda udenda unaanza kumtoka, pengine wenye damu. Mdomo unanuka vibaya, mwili unakonda, na manyoya yanashikana kwa sababu ameacha kujilamba.

Kuna magonjwa kadhaa yanayoweza kumfanya paka awe hivyo. Mojawapo ni uvimbe sugu wa fizi na kinywa, na dalili yake kubwa iko nyuma kabisa ya mdomo. Daktari wa mifugo akimfungua kinywa, huangalia pande mbili za koo, pale taya la juu na la chini zinapokutana. Kwa paka mzima sehemu hiyo huwa ya waridi na laini. Kwa mgonjwa huwa nyekundu sana, imevimba, ina vidonda, na ikiguswa kidogo tu inatoka damu. Ugonjwa wa kawaida wa fizi hukaa kandokando ya meno na haufiki huko nyuma.

Kinachoendelea hapo ni kinga ya mwili kupigana kupita kiasi. Kila jino hujengewa utando mwembamba wa bakteria, hata kwa paka mwenye afya. Kinga ya paka huyu haiuvumilii hata utando kidogo, hivyo seli za ulinzi hujazana kwenye nyama ya kinywa na kuiumiza. Mara nyingi wagonjwa hukutwa na kalisivirusi, kirusi cha mafua ya paka, na ugonjwa huonekana zaidi katika nyumba zenye paka wengi. Ndiyo maana daktari hupima pia virusi vya lukemia na vya ukimwi wa paka kabla ya kuamua matibabu.

Hapa ndipo wenye paka wengi hushtuka, kwa sababu daktari anapendekeza kung'oa meno, hata yale yasiyooza. Mshtuko huo naufahamu, ila sababu yake ni ya wazi. Utando unahitaji mahali pagumu pa kushika, na mahali penyewe ni jino. Ukisafishwa leo, unaanza kujijenga tena baada ya saa chache, na hakuna paka mwenye vidonda kinywani atakayekubali mswaki kila siku. Jino likiondoka, utando hauna tena pa kung'ang'ania, na kinga inakosa kinachoichokoza.

Tuchukue paka wa miaka 5, mwenye meno yake yote 30. Analazwa kwa dawa ya usingizi, anachomwa pia sindano za ganzi kwenye taya, kisha meno yanapigwa eksirei. Magego yenye mizizi miwili au mitatu hukatwa kwa keekee ili kila mzizi utolewe peke yake. Ncha kali za mfupa zinasawazishwa, na ufizi unashonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Chonge na meno ya mbele yakiwa hayana uvimbe, daktari anaweza kuyaacha na kung'oa magego tu. Mwishoni eksirei inapigwa tena, na hatua hii isirukwe: kipande cha mzizi kilichobaki kinatosha kuuendeleza uvimbe.

Paka bila meno atakula nini? Atakula. Paka hatafuni sana kama sisi. Hukata nyama na kuimeza, na ulimi wake wenye miiba hufanya kazi kubwa. Wiki za mwanzo apewe chakula laini na dawa za maumivu alizoandikiwa na daktari. Kamwe asipewe panadol, kwani hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Nafuu haiji kwa wote. Katika utafiti wa paka 95 uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani, paka 27 walipona kabisa na 37 walipata nafuu kubwa. Waliobaki walipata nafuu ndogo au hawakupata kabisa. Hata miongoni mwa waliofaidika, wengi walihitaji dawa kwa muda baada ya upasuaji, kwani kinywa hutulia polepole, pengine kwa miezi kadhaa.

Sindano za steroidi huleta ahueni ya haraka, na kwa hiyo huvutia. Lakini zikirudiwarudiwa nguvu yake hupungua, na zinaweza kumletea paka kisukari. Kwa paka ambaye bado anaumwa miezi kadhaa baada ya kung'olewa, daktari huanza kwa kupiga eksirei tena kutafuta mizizi iliyosahaulika. Isipopatikana, ndipo huja dawa za kutuliza kinga kama siklosporini.