Kwa nini shuka jipya huwa fupi baada ya kufuliwa?

Mkazi wa Kansanga, jijini Kampala, anaponunua shuka huulizwa ukubwa wa kitanda: futi 4 kwa 6, 5 kwa 6 au 6 kwa 6. Kipimo hicho ni cha godoro, si cha kitambaa, na hapo ndipo wengi hukosea.

Chukua godoro lenye urefu wa inchi 72 na unene wa inchi 8. Kulifunika kutoka kichwani hadi miguuni, pamoja na unene wake, kunahitaji inchi 88. Shuka la inchi 96 huacha inchi 4 za kuchomeka kila upande. Hata hivyo, pamba tupu huweza kunywea kwa asilimia 5 inapofuliwa. Shuka hilo litabaki na inchi 91 hivi, na cha kuchomeka kitakuwa inchi moja na nusu tu. Usiku litachomoka.

Pamba iliyochanganywa na poliesta hunywea kidogo, lakini hainyonyi unyevu vizuri. Kwa taulo, hiyo ni kasoro.

Kuhusu rangi, sugua pindo kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Kikichafuka, shuka hilo lifuliwe peke yake.