Herufi moja, njia mbili: Jinsi programu inavyozungumza na vifaa vya kompyuta

KICHAKATAJI cha kompyuta hakina macho wala mikono. Ili kibodi isomwe au herufi ipelekwe kwenye waya, sharti kichakataji kisome na kuandika katika rejista, yaani vijisanduku vidogo vya data vilivyomo ndani ya kifaa chenyewe. Swali ambalo wabunifu wa mashine wamelijibu kwa namna mbili tangu zamani ni hili: rejista hizo zipewe anwani wapi?

Jibu la kwanza ni kuzitenga na kumbukumbu. Kampuni ya Intel ilifuata njia hiyo. Kichakataji chake cha 8080, kilichotolewa mwaka wa 1974, kilikuwa na milango 256 ya vifaa, na 8086 ya mwaka wa 1978 ikawa na milango 65,536. Milango hiyo ina hesabu yake. Mlango nambari 100 hauhusiani kamwe na baiti ya 100 ya kumbukumbu, na haufikiwi ila kwa amri mbili zilizotengwa kwa kazi hiyo: `in` ya kusoma na `out` ya kuandika.

Jibu la pili ni kuzichanganya. Katika mashine ya PDP-11 ya kampuni ya Digital, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1970, rejista za vifaa zilipewa anwani miongoni mwa anwani za kumbukumbu. Ni sawa na ukumbi wa posta wenye safu ya masanduku yaliyopangwa kwa nambari, ambapo baadhi ya masanduku hayo si masanduku bali ni madirisha, na nyuma ya kila dirisha ameketi karani. Anayetia barua hatumii ufunguo tofauti; ni nambari tu inayoamua kama barua italala pale au itachukuliwa na kufanyiwa kazi. Vichakataji vya ARM na RISC-V havina amri za milango kabisa. Vinategemea njia hii pekee.

Tofauti ya njia hizi huonekana wazi pale kifaa kilekile kinapofikiwa kwa zote mbili. Mfano mzuri ni xv6, mfumo mdogo wa uendeshaji ulioandikwa katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) nchini Marekani mwaka wa 2006 kwa ajili ya kufundishia. Awali uliandikiwa vichakataji vya aina ya Intel. Baadaye ulihamishiwa RISC-V, na toleo hilo likaanza kutumika darasani mwaka wa 2019. Katika matoleo yote mawili, herufi hupelekwa kwenye waya na kifaa cha aina ya 16550. Kwa upande wa Intel kifaa hicho kipo kwenye mlango 0x3F8, unaojulikana kama COM1. Kwa upande wa RISC-V, katika mashine ya kuigiza iitwayo QEMU, kipo kwenye anwani ya kumbukumbu 0x10000000.

Kazi yenyewe ni ileile. Rejista ya 0 hupokea herufi ya kutumwa. Rejista ya 5 hueleza hali ya kifaa, na ndani yake biti yenye thamani 0x20 huwaka pale kifaa kinapokuwa tayari kupokea herufi nyingine. Kusubiri ni lazima, kwani waya ni mwendo wa kobe. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, na kila herufi ikichukua biti 10, herufi moja huhitaji takriban maikrosekunde 87. Kichakataji chenye mapigo bilioni moja kwa sekunde hupiga mapigo 87,000 katika muda huo.

Kwa njia ya milango, msimbo kwa muhtasari ni huu:

```c
while ((inb(0x3F8 + 5) & 0x20) == 0)
    ;
outb(0x3F8, 'A');
```

Lugha ya C haina neno la mlango. Kwa hivyo `inb` na `outb` ni vijiprogramu vidogo vilivyobeba ndani yake amri ya mashine, hivi:

```c
static inline void outb(ushort port, uchar data) {
    asm volatile("out %0,%1" : : "a" (data), "d" (port));
}
```

Anayetoka xv6 na kuingia katika kiini cha Linux ajihadhari hapa: huko `outb` hutaja thamani kwanza, kisha mlango. Anayegeuza mpangilio huo huenda asionywe na yeyote, maana vyote viwili ni nambari. Herufi yake itakwenda kwenye mlango asioukusudia.

Kwa njia ya kumbukumbu, hakuna haja ya amri ya mashine. Kielekezi cha kawaida cha C kinatosha, na mwanagenzi huenda akaandika hivi:

```c
unsigned char *uart = (unsigned char *)0x10000000;

while ((uart[5] & 0x20) == 0)
    ;
uart[0] = 'A';
```

Msimbo huu unapendeza macho, lakini una kasoro. Kasoro hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya njia hizi mbili.

Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wa C kuwa lugha ya mashine, haijui kwamba 0x10000000 ni dirisha la karani. Inadhani ni sanduku kama masanduku mengine. Inatazama kitanzi na kuona kwamba hakuna mahali popote ambapo programu inabadilisha `uart[5]`. Basi, kwa mantiki yake, thamani iliyosomwa mara ya kwanza haiwezi kubadilika, na hakuna haja ya kuisoma tena. Inasoma mara moja nje ya kitanzi. Ikiwa wakati huo kifaa kilikuwa na shughuli, programu huzunguka papo hapo milele.

Kuandika nako kuna janga lake. Tuseme programu inatuma neno HABARI kwa kuandika herufi sita mfululizo katika `uart[0]`. Kompaila inaona thamani sita zikiwekwa katika sanduku moja bila yeyote kulisoma katikati. Tano za kwanza, inavyofikiri, ni kazi bure, kwa kuwa zitafutwa na ya mwisho. Yumkini ikaziondoa, na kwenye skrini ikatokea herufi moja tu: I.

Dawa ni neno moja, `volatile`, linaloiamrisha kompaila itekeleze kila usomaji na kila uandishi kama ulivyoandikwa, bila kuruka wala kuunganisha:

```c
volatile unsigned char *uart = (volatile unsigned char *)0x10000000;
```

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua. Programu hufanya kazi sawasawa ikitafsiriwa kwa `-O0`, ambapo kompaila haijishughulishi na kuboresha msimbo, kisha hukwama au hupoteza herufi inapotafsiriwa kwa `-O2`. Uthibitisho hupatikana kwa `objdump -d`. Katika RISC-V, amri ya kusoma baiti, `lbu`, inapaswa kuonekana ndani ya kitanzi. Ikiwa ipo juu ya kitanzi, na chini yake kuna ruko linalojirudia lenyewe, chanzo cha tatizo kimepatikana.

Hata hivyo, `volatile` huinyamazisha kompaila tu. Kichakataji nacho kina mazoea yake. Huhifadhi nakala za kumbukumbu karibu yake, katika kache, na huweza kubadilisha mpangilio wa usomaji na uandishi ili kuokoa muda. Kwa kumbukumbu ya kawaida hilo ni jambo jema. Kwa kifaa ni balaa, kwani hali iliyosomwa kutoka kwenye kache ni habari iliyochacha. Ndiyo maana mfumo wa uendeshaji au maunzi yenyewe hutia alama eneo la anwani za vifaa kuwa lisiwekwe kwenye kache. Isitoshe, pale mpangilio kati ya kumbukumbu ya kawaida na kifaa unapokuwa muhimu, mwandishi huweka kizuizi. Katika RISC-V amri hiyo huitwa `fence`. Amri za `in` na `out` hazihitaji tahadhari hizi: hazipitii kache, na kichakataji cha Intel hakiendelei na amri inayofuata hadi `out` imalizike.

Tofauti hiyo hujitokeza tena kwenye njia ya PCI inayounganisha kadi na kompyuta. Uandishi wa mlango husubiri jibu la kadi. Uandishi wa kumbukumbu hausubiri: hukabidhiwa daraja lililo njiani, na kichakataji kikaendelea na safari. Chukua programu inayoiagiza kadi ya mtandao ijiwashe upya, ikangoja maikrosekunde 10 kama kitabu cha kadi kinavyotaka, kisha ikaanza kuitumia. Ikiwa agizo limekaa darajani maikrosekunde sita, kadi imepewa nne tu. Hitilafu itatokea leo na kesho isitokee. Tiba yake ni kusoma rejista moja ya kadi hiyohiyo mara tu baada ya kuandika, kabla ya kuanza kuhesabu muda, kwa sababu usomaji hauruhusiwi kuupita uandishi uliotangulia.

Rejista hiyo ichaguliwe kwa makini. Katika kifaa cha 16550, kuandika rejista ya 0 hutuma herufi, ilhali kuisoma huchukua herufi iliyopokelewa na kuiondoa. Kwa hivyo hata kuchungulia anwani hiyo kwa chombo cha kusakia makosa kunaweza kumeza herufi ambayo programu ilikuwa ikiisubiri. Tabia hii haitokani na njia. Ni ya kifaa chenyewe. Lakini njia ya kumbukumbu huifanya isahaulike upesi, kwa kuwa `uart[0]` inafanana mno na data ya kawaida.

Kwa nini basi njia ya kumbukumbu ndiyo iliyotawala? Sababu kuu ni nafasi. Milango 65,536 haiwezi kubeba kadi ya picha yenye mamilioni ya baiti, na hata katika vichakataji vya biti 64 amri za `in` na `out` hazihamishi zaidi ya biti 32 kwa wakati mmoja. Anwani za kumbukumbu, kwa upande wake, hutumika na amri yoyote inayosoma au kuandika, na vielekezi vya C huzifikia moja kwa moja.

Mwandishi wa programu hachagui njia. Huchaguliwa na maunzi. Kwenye kompyuta ya aina ya Intel inayotumia Linux, njia zote mbili zingali bega kwa bega. Mwenye mamlaka ya `root` anaweza kusoma `/proc/ioports` na kuona milango, kisha `/proc/iomem` na kuona anwani za kumbukumbu. Kifaa kikiwa katika orodha ya kwanza, amri yenyewe hutangaza kuwa hiki si kumbukumbu. Kikiwa katika ya pili, tangazo hilo ni jukumu la anayeandika msimbo: aifahamishe kompaila kwa `volatile`, kichakataji kwa kizuizi, na daraja la njiani kwa kusoma baada ya kuandika.