Chuo cha Jirani na Thamani ya Mwaka Mmoja wa Masomo

Aliyesoma zaidi hulipwa zaidi, lakini je, ni shule iliyomletea mshahara huo? Huenda alizaliwa na kipaji, au wazazi wake walikuwa na uwezo. Ukilinganisha tu mishahara na miaka ya masomo, unayabeba yote kwa pamoja.

Mwaka 1995 mchumi David Card alitafuta kitu kinachomsukuma kijana kusoma bila kuugusa mshahara wake kwa njia nyingine. Akachagua ujirani: je, kijana wa Kimarekani alikulia karibu na chuo cha miaka minne? Kitu cha namna hiyo huitwa kigeu ala.

Hatua ya kwanza hukadiria miaka ya masomo kwa kutumia ujirani huo. Waliokulia karibu na chuo walisoma takriban mwaka 0.32 zaidi, baada ya kuzingatia rangi, eneo na uzoefu wa kazi. Hatua ya pili hulinganisha mshahara na miaka hiyo iliyokadiriwa, si ile halisi. Mishahara yao ilizidi kwa karibu 4.2%, basi tunagawanya:

0.042 / 0.32 ≈ 0.13

Yaani 13% kwa kila mwaka, wakati ulinganisho wa kawaida ulitoa 7.5%. Wengi wangetarajia ipungue. Card alieleza kwamba ujirani huwasukuma hasa vijana wa familia duni, ambao huenda faida yao ni kubwa kuliko ya wengine.

Hata hivyo, kosa sanifu ni 0.055, kwa hiyo jibu laweza kuwa popote kati ya 2% na 24%. Na kama familia za karibu na vyuo zilikuwa tofauti tangu mwanzo, ala imeharibika, na kwa ala moja hakuna jaribio la takwimu litakalolithibitisha hilo.